UZI: Najiambia "naupenda mwili wangu" mbele ya kioo, naishia kujisikia vibaya zaidi. Bodi pozitiviti au bodi nyutraliti, ipi inamfaa nani?

TuliaNaMimi:
Habarini wadau, naenda moja kwa moja. Nina miaka 31, nilijifungua kwa upasuaji, mtoto sasa anakimbia kabisa, na mwili haujarudi ulivyokuwa na sidhani kama utarudi. Tumbo lina kovu, juu ya kovu kuna mkunjo wa ngozi unaoning'inia, mapaja yameongezeka, matiti yameshuka. Rafiki yangu akaniingiza kwenye bodi pozitiviti, kwamba kila asubuhi nisimame mbele ya kioo, nishike tumbo, niseme kwa sauti "naupenda mwili wangu, mimi ni mzuri nilivyo". Nimefanya kwa moyo wote. Shida ni kwamba natoka pale nimeumia kuliko nilivyoingia, halafu siku nzima akili iko kwenye tumbo, wakati zamani ningeweza kufika mchana hata sijalikumbuka.

Sasa nimesoma kuhusu hii nyingine, bodi nyutraliti, wanasema si lazima uupende mwili, inatosha usiuchukie, uuache ufanye kazi zake na wewe uendelee na maisha. Je, ni bora niihamie? Au nivumilie ile ya kwanza mpaka ikubali? Naomba tu msiniambie "jipende dada", hiyo nimeambiwa sana.

Kifaru_Mpole:
Pole dada. Tumbo la baada ya upasuaji linaondoka usikate tamaa, piga plenki kila siku, punguza wanga usiku, na ule mkanda wa tumbo usiuvue. Mke wangu naye analalamika hivohivo nimemwambia ni mazoezi tu.

TuliaNaMimi:
Asante kaka ila sikuuliza namna ya kuliondoa. Nauliza namna ya kuishi nalo hivi lilivyo.

MshauriZai:
Dada Tulia, mimi ni mshauri nasaha, kwa miaka mingi nimekaa na watu wenye matatizo ya ulaji na wenye chuki na miili yao, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kinachokupata kinajulikana. Mwaka 2009 mtafiti wa saikolojia kule Kanada, Joanne Wood, na wenzake walichapisha utafiti ambao watu walitakiwa kurudia sentensi "mimi ni mtu wa kupendeka" kila wakisikia mlio fulani. Waliokuwa tayari wanajithamini walipata nafuu kidogo. Waliokuwa hawajithamini wakatoka na mudi mbaya kuliko wenzao ambao hawakurudia sentensi yoyote. Yani dawa ilimdhuru yuleyule aliyetengenezewa.

Sababu inayotolewa ni kwamba ukimwambia mtu jambo lililo mbali sana na anachokiamini, akili yake haikai kimya, inajibu. Wewe unasema "naupenda mwili wangu", ndani inakuja "lakini angalia huo mkunjo", na kwa kuwa umesimama mbele ya kioo na mkono uko tumboni, ushahidi wa upande wa pili uko palepale mkononi. Kila asubuhi unafungua kesi na kila asubuhi unashindwa. Kwa hiyo jipime hivi, ukishasema ile sentensi subiri kidogo usikilize kinachofuata kichwani. Kikija "ndiyo" au kikija kimya, endelea, inakufaa. Kikija "lakini", acha hiyo sentensi kwa sasa. Kuvumilia mpaka ikubali sikushauri.

Fundi_Mantiki:
Nimekuwa nikisema siku zote, hii bodi pozitiviti ni uongo mtupu wa kujidanganya. Sayansi imeshathibitisha inaharibu watu. Nyutraliti ndo yenye akili, mwili ni chombo tu, mada ifungwe.

MshauriZai:
Hapana kaka Fundi, umechukua nusu. Huo utafiti haukupima bodi pozitiviti, ulipima sentensi moja ya kujisifu, na kuna kundi ambalo ililisaidia. Kuna mwingine wa mwaka 2019 ambao ulipima kabisa posti za bodi pozitiviti za Instagramu. Wanawake vijana waliozitazama waliridhika na miili yao zaidi kuliko walioonyeshwa posti za wanawake wembamba wa kimitindo. Hiyo ni faida ya kweli. Ila wakati huohuo, wakitakiwa kujieleza wao ni nani, walijieleza zaidi kwa muonekano, sawa na wale walioona wembamba, ukilinganisha na walioonyeshwa picha zisizohusu miili kabisa. Maana yake inaweza ikakufanya ujisikie vizuri kuhusu mwili na bado ukabaki unaufikiria mwili. Kuna mtu hilo halimsumbui hata kidogo. Kwa dada Tulia ndo kiini cha tatizo lake, maana hakusema tu anajisikia mbaya, alisema siku nzima akili iko tumboni.

Pambo_la_Nyumba:
Ngoja na mimi niseme maana naona mnaenda kuizika bodi pozitiviti nikiangalia.

Mimi ni mnene tangu utotoni, mnene kwelikweli, sio "nimeongezeka kidogo". Nimekulia kwenye kuchekwa, watu kuniambia hadharani nile kidogo, mtu kuhama kiti nikikaa pembeni yake. Nilishawahi kwenda hospitali naumwa goti nililoanguka nalo kwenye ngazi, daktari hakuligusa, aliniambia punguza uzito kwanza ndo tuongee. Nikarudi nyumbani na goti langu. Sasa mtu kama mimi unamwambia "usiufikirie mwili", nani alikwambia mimi ndo ninayeufikiria? Wanaufikiria wao, na wananiambia kila siku!

Kilichoniponya ni kuona wanawake wa saizi yangu wamevaa nguo za kuwabana, wanacheza, wanapendwa, wanacheka mdomo wazi. Nikaanza kununua nguo zinazonitosha badala ya kungoja nipungue. Nikabadilisha daktari, na nilipofika kwa mpya nilimwambia mapema kabisa, naomba unitibu goti kama unavyolitibu goti la mtu mwembamba. Ujasiri ule sikuupata kwa kutokuwa na upande. Niliupata kwa kusema mwili huu ni mzuri na una haki.

Tena wengi hawajui hii kitu ilipoanzia. Haikuanza kwenye kioo. Ilianza na watu wanene kule Marekani, mwaka 1967 walikusanyika kwenye bustani ya Sentro Paki mjini Nyu Yoki kuandamana, na 1969 ikaundwa jumuiya ya kutetea haki zao, ile inayoitwa NAAFA mpaka leo. Madai yao yalikuwa kazi, matibabu, heshima. Habari za kujishika tumbo asubuhi zimekuja huku mbele, watu wa mitandao na wauza mafuta wa ngozi walipoona kuna soko.

MshauriZai:
Dada Pambo umesema jambo ambalo ningependa kila mtu alisome mara mbili. Mimi nikikaa na mteja naanza hapohapo, nauliza: maumivu yanatokea wapi? Kuna anayeumizwa na watu, anatukanwa, ananyimwa huduma, anatazamwa. Huyo ukimpa nyutraliti peke yake unamwambia azoee kuonewa. Anahitaji wenzake, anahitaji kuona miili kama wake ikiheshimiwa, anahitaji maneno ya kujibu. Kuna mwingine ambaye watu hawamsemi chochote, pengine hata wanamsifia, lakini yeye ndani yake yuko kwenye ukaguzi tangu anaamka. Huyo sifa zaidi hazimsaidii, zinarefusha ukaguzi. Na wapo wengi walio na yote mawili, hapo lazima ujue unashughulikia lipi leo.

TuliaNaMimi:
Mimi kwa kweli hakuna anayenisema. Mume wangu ananisifia mpaka naudhika, mama yangu anasema nimependeza. Ni mimi. Sasa hiyo nyutraliti mtu anaifanyaje? Maana kila ninaposoma ni "usiuhukumu mwili wako", sawa nisiuhukumu, nifanye nini kesho asubuhi?

MshauriZai:
Swali zuri, maana ikibaki nadharia ni kauli mbiu kama ile nyingine tu. Nitakueleza ninavyoifanya na watu, kwa mfano wako mwenyewe.

Kwanza kabla hujabadilisha chochote, chunguza unajikagua mara ngapi. Kujikagua ni pamoja na kujigeuza ubavu kwenye kioo, kubana mkunjo kwa vidole, kuvuta blauzi mbali na tumbo ukiketi, kujitazama kwenye vioo vya magari, kulinganisha tumbo lako na la mwanamke aliye mbele yako, kuvaa suruali ya zamani kuona inapanda mpaka wapi. Chukua siku mbili tatu uandike kila ukijikuta unafanya, ulikuwa unatafuta nini na ulijisikiaje baadaye. Watu wengi wanashtuka, wanadhani ni mara chache kumbe ni siku nzima. Pia wanagundua hakuna hata mara moja walipata jibu la kuwatosha, sana sana dakika chache wanarudi tena. Ukiutazama mkunjo kwa makini kila saa unakua machoni pako, si kwa sababu umekua bali kwa sababu hukutazama kitu kingine.

Ukishaona ratiba yako, kioo kipe kazi. Naenda kuchana nywele, nachana, naondoka. Naangalia kama zipu imefungwa, naondoka. Kama huna kazi nacho, usisimame. Sisemi ufunike vioo vya nyumba nzima, kukikimbia kioo ni kukitumikia vilevile, na mtu anayekikwepa siku akikutana na picha yake anaanguka vibaya.

Halafu kuna zoezi la kuelezea. Simama umbali wako wa kawaida, usisogee karibu, anza nywele ushuke mpaka vidole vya miguu, kila sehemu ipate muda sawasawa na mwenzake, na useme kilichopo bila kukipa alama. Rangi, umbo, urefu, kulia na kushoto. Ukifika tumboni: "Kuna kovu la mlalo, rangi yake imekolea kuliko ngozi ya pembeni. Juu yake ngozi imekunja na inafika kwenye mstari wa nguo ya ndani. Kitovu kimeelekea chini kidogo." Basi, shuka mapajani. Neno kama "limelegea", "baya", "la aibu" likiponyoka, rudia sehemu hiyo kwa maneno mengine. Na "zuri" nalo liache, hapa hatutoi alama za juu wala za chini.

Onyo moja la kweli kabisa. Zoezi la kioo usilifanye peke yako kama unajitapisha, unajinyima chakula mpaka unazimia, hedhi imekatika bila sababu inayojulikana, au kasoro unayoiona wewe watu wengine hawaioni na inakula zaidi ya saa nzima ya siku yako, au umeacha kutoka nje kwa sababu yake. Hayo ni maradhi yenye matibabu yake, na si pozitiviti wala nyutraliti inayoyatibu.

Chuma_Chembamba:
Nimesoma yote kimya kimya ila hapo kwenye kujikagua nimejiona. Mimi ni mwanaume, mwembamba, napiga jimu. Kila seti nikimaliza naangalia mkono kwenye kioo, napima kwa futi kamba, napiga selfi kifua wazi nalinganisha na ya juzi. Nikikosa siku moja ya jimu siku imeharibika na nakuwa mkali kwa watu. Hakuna anayeniita mnene so niliona hizi mada ni za akina dada. Sasa nyutraliti ina maana niache jimu?

MshauriZai:
Karibu kaka, na hapana, usiache. Angalia unapima nini. Ukiandika uzito ulionyanyua na marudio uliyofanya, unapima kazi, na kazi inaonyesha maendeleo hata kama mkono unaonekana uleule. Futi kamba na zile picha ziweke pembeni kwanza. Halafu jaribu kukosa siku moja kwa makusudi, upumzike, uone kitakachotokea ndani yako. Ikiwa unashindwa kabisa, au unaenda umeumia, au umeanza kutumia vitu vya kuongeza misuli ambavyo hujui ndani kuna nini, hilo tena si suala la kujikubali, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana.

Chuma_Chembamba:
Hiyo ya kukosa kwa makusudi imenitisha kuisoma tu, kwa hiyo nadhani jibu nimelipata. Asante.

Mti_wa_Pwani:
Samahani naingilia. Nimeona sehemu nyingi nyutraliti inafundishwa kwa kusema shukuru mwili kwa unachokufanyia, shukuru miguu inakupeleka, shukuru mikono inabeba mtoto. Mimi nina baridi yabisi ya kwenye viungo, ile ya mwili kujishambulia wenyewe. Kuna asubuhi vidole havifungi kifungo cha shati. Unaniambia nishukuru mikono? Mikono ndo inaniangusha! Kwangu hiyo inauma kuliko hata kuambiwa mimi ni mzuri, maana uzuri angalau sikuupoteza.

MshauriZai:
Uko sahihi kukasirika, hiyo ndo sehemu ambayo nyutraliti hufundishwa vibaya. Kazi za mwili zikigeuzwa kuwa nguvu na kutembea, basi umehamisha tu kipimo kutoka uzuri kwenda uzima, na mgonjwa anafeli mtihani mpya.

Lakini usitupe yote. Kuna programu ya kuandika iliyofanyiwa utafiti na kuchapishwa 2015, watu wanaandika mara tatu, kila mara kama robo saa, kuhusu mwili wao unafanya nini na kwa nini hilo lina maana kwao. Mara ya kwanza ni milango ya fahamu na mwendo, mara ya pili ni afya na ubunifu, mara ya tatu ni kujitunza na kuwasiliana na watu. Mwaka 2018 wakaijaribu kwa wanawake wenye ugonjwa huohuo wako na waliridhika na miili yao zaidi kuliko wale ambao hawakuandika. Nadhani ilifanya kazi kwa sababu haikuishia kwenye miguu na mikono. Kusikia sauti ya mtu unayempenda ni kazi ya mwili. Kucheka, kuonja, kulala usingizi, kumkumbatia mtu.

Mti_wa_Pwani:
Nimekuelewa na sibishi utafiti. Ila mimi siku za maumivu sitaki kushukuru chochote, hata masikio. Sentensi inayonisaidia siku hizo ni "leo mwili unauma, nitaupa dawa na joto". Sishukuru, silaumu. Na kwangu hiyo ndo nyutraliti yenyewe, kuliko hayo ya shukrani ambayo naona ni pozitiviti iliyobadilisha nguo.

MshauriZai:
Hapo sina la kuongeza, na sina hakika kwamba programu ingeishinda hiyo sentensi yako. Nitaiazima kwa wateja wangu ukiniruhusu.

Mti_wa_Pwani:
Azima tu.

Fundi_Mantiki:
Sawa nimesoma nimeelewa nilikoroga. Ila bado naona kitu, si ina maana nyutraliti ni kituo cha katikati tu? Yani unaanzia chuki, unapita kutokuwa na upande, mwisho unafika kwenye kupenda. Kwa hiyo pozitiviti ndo mwisho wa safari kwa kila mtu.

Pambo_la_Nyumba:
Leo nakubaliana na wewe. Mimi mtu akiniambia amefika mahali haupendi mwili wake wala hauchukii, naona bado hajamaliza. Huu mwili umenibeba, umenyanyaswa kwa ajili yangu, naupenda na nataka kila mtu aonje hiyo raha.

MshauriZai:
Mimi ndo siafiki. Nimeona watu waliokaa kwenye nyutraliti miaka na miaka na wako salama, wanakula, wanafanya kazi, wanapenda watu, mwili kwao ni jambo la saa ya kuoga. Kwa mtu aliyetoka kwenye ugonjwa wa ulaji kusukumwa "sasa upende" kunaweza kumrudisha kwenye kioo kutafuta sababu za kupenda. Neno bodi nyutraliti lenyewe limeanza kusikika sana kama mwaka 2015, na mmoja wa waliolieneza ni Anne Poirier, aliyelitumia kwenye mafunzo yake kule Vamonti, Marekani, kwa wanawake waliokuwa wamechoka na vita na chakula na miili. Wengi wao hawakuja kutafuta mapenzi, walikuja kutafuta kupumzika. Lakini dada Pambo sikatai kwamba kwako ni mapenzi na ni ya kweli.

Pambo_la_Nyumba:
Tubaki tofauti basi dada Zai, hatugombani.

TuliaNaMimi:
Nimerudi kuwapa mrejesho, nimekaa na haya mambo kwa muda sasa.

Kuandika nilivyojikagua kumenishtua sana. Sikujua kwamba kila nikikaa navuta blauzi. KILA nikikaa. Kioo nimekipa kazi na hapo nafuu ilikuja haraka, asubuhi zimekuwa fupi. Zoezi la kuelezea ndo limenisumbua, nilipofika tumboni nilikaa pale muda mrefu kuliko mwili mzima, na neno "limening'inia" liliponyoka mara nyingi. Nikabadilisha nikaanza miguuni kupanda juu badala ya kushuka, angalau ile hofu ya "sasa naenda kufika tumboni" imepungua, sijui kama inaruhusiwa. Nilichokiona ni kwamba kovu langu si la mlalo ulionyooka, upande wa kushoto limepanda kidogo. Nimekaa nalo miaka yote hii nikilichukia na sikuwahi kulijua umbo lake!

Silipendi tumbo. Lakini jana nilikumbuka jioni kwamba sijaliwaza tangu nilipovaa.

Kilichobaki ni mume wangu. Akinisifia tumbo, "mimi nalipenda hivohivo", napandwa na hasira halafu najiona mbaya kwa kumkasirikia mtu anayenipenda.

MshauriZai:
Kuanzia miguuni inaruhusiwa kabisa, kinachotakiwa ni muda sawa kwa kila sehemu. Kuhusu mume, mweleze kwamba sifa yake inakurudisha kwenye ukaguzi hata ikiwa ya upendo, umwombe kwa kipindi fulani asiseme lolote kuhusu mwili wako, zuri wala baya. Mpe na cha kusema badala yake, maana mtu ukimnyang'anya njia ya kuonyesha upendo bila kumpa nyingine atanyamaza kabisa na wewe utasoma kimya chake vibaya.

Pambo_la_Nyumba:
Mimi hapo nisingeweza. Mume wangu akiacha kunisifia mwili naanza kuuliza kuna nini huko nje. Mimi nisifiwe tu.

Kifaru_Mpole:
Jamani mimi ndo yule wa plenki. Nimefuatilia uzi wote. Mke wangu akisema tumbo limemharibikia mimi huwa nina majibu mawili, ama namwambia afanye mazoezi, ama namwambia hapana uko vizuri sana acha hizo. Yote mawili anaishia kukasirika na nilikuwa sielewi. Sasa akisema tena nimjibu nini?

MshauriZai:
Kaka, la kwanza linamwambia tumbo ni tatizo na la pili linamwambia hisia zake ni tatizo. Muulize kwanza, "leo kimetokea nini mpaka likakusumbua?" Mara nyingi kuna kitu, nguo haikupanda, mtu kasema neno, kaona picha ya zamani. Zungumzieni hicho. Ikiwa kuna mtu aliyemsema, simama upande wake waziwazi, hapo fuata njia ya dada Pambo. Ikiwa hakuna aliyemsema na ni ukaguzi wake mwenyewe, usiingie kwenye kubishana kama tumbo ni zuri au baya.

TuliaNaMimi:
Na ukimuuliza akasema "hakuna kitu", usiondoke kaka. Kaa naye hapohapo muongee mambo mengine.

Kifaru_Mpole:
Sawa. Na ule mkanda wa tumbo nimwambie auvue?

TuliaNaMimi:
Usimwambie auvue wala auvae. Muulize unambana?